Choo cheusi kama lami, maumivu yakapungua: mama asisubiri

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Kwa miezi miwili amekuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya magoti, na analalamika moto kwenye chembe cha moyo, hasa usiku. Wiki tatu zilizopita alipimwa akaambiwa damu imepungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Tangu juzi choo chake ni cheusi, kinanata kama lami na kinanuka vibaya sana. Jana usiku alitapika kitu kama mashapo ya kahawa. Leo anasema maumivu yamepungua, weusi ule ni wa vidonge vya damu, na hataki hospitali. Tumempima presha, ni 115 kwa 70. Tunaweza kumpa omeprazoli na maziwa kwanza, tukasubiri hadi wiki ijayo?*

Marahaba. Msisubiri hata kesho. Mpelekeni mama hospitali sasa hivi, kwenye huduma ya dharura. Iwe hospitali yenye uwezo wa kuongeza damu, na kama mna nafasi ya kuchagua, yenye kipimo cha kamera ya tumbo. Haya mengine utayasoma mkiwa njiani au mmekaa kwenye benchi mnasubiri majibu.

Kabla hamjatoka, asile wala asinywe kitu, na hayo maziwa yaacheni. Kamera inataka tumbo tupu ili daktari aone damu inatoka wapi, na mtu aliyelegea akitapika tumbo likiwa limejaa anaweza kupaliwa, matapishi yakaingia kwenye mapafu. Omeprazoli ni dawa nzuri na ataipata hospitali kwa sindano, ila kidonge chake hakizibi mshipa unaovuja, kwa hiyo msikae nyumbani mkingoja kifanye kazi. Diklofenaki isimame leo, na asipewe aspirini wala ibuprofeni badala yake. Akisikia kichefuchefu alale ubavu. Na asiende chooni peke yake. Nasisitiza hilo kwa sababu nimewapokea wagonjwa waliokuwa wakivuja damu tumboni wakaletwa na jeraha la kichwa: walinyanyuka chooni, macho yakaingia giza, wakaanguka na kujigonga sakafuni.

Bebeni dawa zote anazotumia, hata pakiti tupu. Kama choo bado kipo, kipigeni picha kwa simu. Na mkifika, msiseme "tumbo linamuuma", maana maneno hayo yatawaweka kwenye foleni ya kila mtu. Semeni hivi: "Ametapika damu jana usiku, anapata choo cheusi kama lami tangu juzi, anatumia diklofenaki." Sentensi hiyo moja inambadilishia mama foleni.

Sasa nije kwenye hoja ya mama kwamba weusi ni wa vidonge. Hoja yake si ya kupuuzwa, kwa sababu ni kweli madini ya chuma hubadilisha rangi ya choo. Lakini choo cha vidonge vya chuma huwa na weusi unaoelekea kijani iliyokolea, kimeshikana kama kawaida au kikavu zaidi, na harufu yake ni ile ile ya siku zote. Choo chenye damu iliyopita tumboni kina sura nyingine. Kinang'aa kama lami mbichi, kinanata kwenye sinki hata ukimwaga maji mara mbili tatu, na kina harufu kali ambayo muuguzi mzoefu huitambua kabla hajafika kitandani kwa mgonjwa. Ukikipangusa kwa karatasi nyeupe yenye unyevu, mara nyingi kingo za alama huonyesha wekundu uliofifia, wakati choo cha chuma huacha kijani. Sikushauri uanze kufanya majaribio hayo leo. Nakueleza ili umwonyeshe mama kwamba weusi wa aina mbili haufanani, na maneno yako mwenyewe, kinanata na kinanuka, yanaelezea ule wa pili.

Tena vidonge vya chuma havimtapishi mtu mashapo ya kahawa. Damu ikikaa tumboni na kukutana na asidi, ile rangi nyekundu ndani yake hugeuka kuwa kahawia nyeusi na kuganda vipande vidogo vidogo. Ndiyo hiyo aliyoitapika jana. Ile iliyobaki huteremka utumboni, humeng'enywa kama chakula kingine, na hutoka siku hiyo au kesho yake ikiwa lami. Damu ya mililita 50 hadi 100 tu, chini ya nusu kikombe, inatosha kukifanya choo kiwe hivyo. Kwa hiyo choo cheusi peke yake hakituambii amepoteza kiasi gani. Inaweza kuwa nusu kikombe, inaweza kuwa lita nzima. Kama angetapika damu nyekundu mbichi yenye mabonge, au choo chenyewe kingekuwa chekundu kama damu ya mzee, ningejua inavuja kwa kasi kubwa. Mkiona hivyo njiani, hamna tena muda wa kuuliza chochote.

Jambo lililonitia hofu zaidi katika maelezo yako ni lile mnaloliona kama nafuu: kwamba maumivu yamepungua. Moto kwenye chembe cha moyo husababishwa na asidi inayogusa nyama iliyo wazi ya kidonda. Kidonda kinapoanza kuvuja, damu hufunika ile sehemu na kuipunguza makali asidi, na mgonjwa husikia ahueni. Zaidi ya hapo, diklofenaki yenyewe ni dawa ya kutuliza maumivu, kwa hiyo inachimba kidonda huku ikimnyima mwenye nacho taarifa. Wengi wanaovuja damu kutokana na dawa hizi, wazee hasa, hawakuwahi kusikia maumivu yoyote ya tumbo kabla ya siku waliyotapika damu. Mama kwa kweli alikuwa na bahati kwamba moto ulimwamsha usiku. Katika ugonjwa huu, maumivu hayapimi ukubwa wa hatari. Inayopima hatari ni damu.

Na presha ya 115 kwa 70 nayo isiwatulize. Mtu mzima ana damu karibu lita 5. Akipoteza hadi robo tatu ya lita, mishipa hujibana na moyo huongeza mwendo kidogo, na kipimo cha presha hakionyeshi kitu. Mara nyingi presha huanza kushuka waziwazi akishapoteza kama lita moja na nusu, na hapo mwili umeishiwa mbinu. Kinachotangulia ni mapigo ya moyo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima akiwa amelala. Yakizidi 100 akiwa ametulia, chukulia kwamba amepoteza damu ya kutosha kumhatarisha. Ngozi ya baridi yenye jasho, kizunguzungu akikaa, kiu isiyoisha, mkojo kuwa kidogo, kuhangaika au kuanza kuongea yasiyoeleweka: hizo zote ni alama kwamba damu haifiki inakotakiwa. Kama anatumia dawa za presha za jamii ya atenololi au propranololi, mapigo yanaweza yasipande kabisa hata akiwa katika hali mbaya, kwa sababu dawa hizo huushika moyo usikimbie. Mwambieni daktari hilo mapema.

Nikuelezee mgonjwa mmoja, ambaye nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane, kwa sababu kisa chake kinafanana sana na cha mama. Alikuwa mwanamume wa miaka 63, anameza ibuprofeni kila siku kwa ajili ya bega, pamoja na aspirini ndogo aliyoandikiwa kwa sababu ya moyo. Aliingia akitembea kwa miguu yake. Presha 118 kwa 76, na wingi wa damu 11.2. Mwanawe alitaka warudi nyumbani, akasema majibu ni mazuri. Lakini mapigo yalikuwa 112, na kiganja chake kilikuwa na ubaridi wa mtu aliyetoka kushika barafu. Tukamlaza, tukamwekea njia mbili za dripu, tukatuma damu ipimwe kundi na kuandaliwa. Asubuhi yake wingi wa damu ulikuwa 7.4.

Mwanawe aliniuliza kwa uchungu: amepotezaje damu yote hiyo usiku mmoja, mbele ya macho yenu? Nikamwambia sehemu kubwa ya damu ile alikuwa ameshaipoteza kabla hajafika. Ukimwaga nusu ya chai iliyo kwenye birika, chai iliyobaki ina rangi ile ile. Rangi inafifia pale unapoongeza maji. Vivyo hivyo, mtu anapovuja hupoteza chembe nyekundu na maji yake kwa pamoja, na kipimo cha mwanzo huonyesha uwiano ule ule wa zamani. Ni baada ya saa kadhaa, mwili unapovuta maji kutoka kwenye tishu na dripu kuingia, ndipo kipimo kinaposema kweli. Kwa hiyo mkifika na mkaambiwa "damu yake si mbaya sana", ombeni ipimwe tena baada ya saa chache, na msiondoke kwa sababu ya jibu la kwanza.

Kipimo kingine kilichotuonya kwake ni urea, iliyokuwa juu ilhali kipimo kingine cha figo kilikuwa sawa. Damu ni protini. Ikimeng'enywa utumboni, urea hupanda, ni kama mtu aliyekula nyama nyingi mno. Ni kipimo cha kawaida tu, lakini kikipanda chenyewe kwa mtu mwenye choo cheusi, kinaelekeza kwamba damu inatoka juu, kwenye umio, tumbo au mwanzo wa utumbo mwembamba.

Kamera ilipitishwa siku hiyo hiyo. Kwa kawaida tunataka ifanyike ndani ya saa 24, mgonjwa akishatulizwa kwa dripu na, ikibidi, damu. Tulikuta kidonda kwenye duodeni, yaani ule mwanzo wa utumbo mwembamba chakula kinapotoka tumboni. Kilikuwa na upana wa kama sentimita moja na nusu, na katikati yake kulikuwa na kichwa kidogo chekundu, mfano wa kichwa cha kiberiti: mdomo wa mshipa uliolika. Daktari wa kamera alichoma adrenalini kuuzunguka ili mishipa ijibane, kisha akaubana kwa kibanio kidogo cha chuma. Baada ya hapo alipewa dawa kali ya kuzuia asidi kwenye mshipa kwa siku tatu. Lengo la dawa hiyo wakati huo si kutuliza kiungulia. Damu haigandi vizuri kwenye asidi kali, na bonge lililogandia kwenye mshipa huyeyushwa na vimeng'enyo vya tumbo. Asidi ikizimwa, bonge linakaa. Siku hizo tatu za mwanzo ndizo ambazo kidonda kinaweza kufumuka tena, kwa hiyo mama akilazwa kisha akaanza kulilia nyumbani kesho yake, mvumilieni abaki.

Damu aliongezewa uniti mbili. Wagonjwa wengi hatuwaongezei mpaka wingi ushuke chini ya 7, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo tunaanza mapema zaidi. Nasema hivi ili msishtuke mkiona daktari anasita kutundika damu ikiwa 8 na mgonjwa ametulia. Kuongeza kupita kiasi nako kuna madhara yake.

Sasa, kidonda kimetoka wapi? Tumbo hutoa asidi yenye uwezo wa kula nyama, na halijili lenyewe kwa sababu ukuta wake umefunikwa na ute mzito uliochanganyika na kitu cha kupoza asidi, huku damu ikipita chini yake bila kukoma kufanya ukarabati. Kazi hiyo yote inaendeshwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo hizo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe kwenye goti. Diklofenaki, ibuprofeni, naproxeni, indomethasini na aspirini huzizuia kote kwa pamoja: goti likapoa, tumbo likavuliwa nguo.

Hapo ndipo penye kosa ninalolisikia karibu kila wiki. Watu huambiwa dawa hizi zimezwe baada ya kula, wakadhani chakula kinalinda tumbo. Chakula hupunguza kichefuchefu tu. Dawa ikishaingia kwenye damu inaufikia ukuta wa tumbo kwa ndani, iwe umeimeza ukiwa umeshiba, umechomwa sindano kwenye makalio au umewekewa kwa njia ya haja kubwa. Nimekutana na wagonjwa waliobadilishiwa vidonge wakapewa sindano za diklofenaki "kwa sababu ya vidonda vya tumbo". Kidonda hakijui dawa imepitia mlango gani. Hatari hupanda zaidi kwa mwenye umri mkubwa, kwa aliyewahi kupata kidonda, kwa anayechanganya dawa mbili za jamii hiyo, na kwa anayetumia pia warfarini au prednisoloni.

Chanzo cha pili kikuu ni bakteria aitwaye Helikobakta pilori, anayeishi ndani ya ule ute wa tumbo. Zamani sisi madaktari tuliwalaumu wagonjwa kwa mawazo mengi na vyakula vikali. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, walifanikiwa kumwotesha bakteria huyu maabara. Wengi hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall akanywa mchanganyiko wenye bakteria hao, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Pilipili na hasira zinaweza kumfanya mwenye kidonda asikie vibaya zaidi, lakini si zinazokichimba. Watu wengi mno duniani wana bakteria huyu tangu utotoni na hawatapata kidonda maishani. Ila akikutana na diklofenaki ndani ya tumbo moja, hatari ya kuvuja damu inakuwa kubwa kuliko ya kila kimoja peke yake. Ndiyo maana mama lazima apimwe bakteria hata kama kila mtu anakubaliana kwamba kosa ni la dawa ya magoti.

Na kipimo hicho kina mitego. Damu inapovuja, na mgonjwa anapokuwa kwenye dawa za kuzuia asidi, bakteria hupungua au hujificha, na kipimo husema hayupo wakati yupo. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mgonjwa wangu. Kinyama kilichochukuliwa kwa kamera siku anavuja hakikuonyesha kitu. Tulimaliza wiki nane za dawa ya kuponya kidonda, tukaisimamisha wiki mbili, tukapima tena kwenye choo, na bakteria akaonekana. Kama tungekubali jibu la kwanza, angerudi kwetu na kidonda kingine. Kwa hiyo jibu la "hana" lililotoka wakati wa kuvuja lirudiwe. Jibu la "anaye" unaweza kuliamini. Kipimo cha damu cha kidoleni hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kinapima kinga, na kinga hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya bakteria kuuawa. Nimeona watu wakinyweshwa dawa mara tatu, mara nne, kwa sababu ya kipimo hicho tu. Kinachofaa ni kipimo cha choo cha bakteria mwenyewe, kipimo cha pumzi, au kinyama cha kamera.

Akikutwa naye, atapewa dawa ya kuzuia asidi mara mbili kwa siku pamoja na antibayotiki mbili au zaidi, kwa kawaida siku 14. Zina uchungu mdomoni, zinaweza kulegeza tumbo, na wengi huziacha siku ya sita wakijisikia wazima. Bakteria waliobaki ni wale sugu. Akimaliza, hesabuni angalau wiki nne ndipo apimwe tena kuthibitisha ameondoka, na wiki mbili kabla ya kipimo asiwe kwenye dawa ya asidi.

Kuna jambo moja kwenye barua yako lilinifanya niisome mara mbili. Wiki tatu zilizopita mama alikutwa na upungufu wa damu, akapewa vidonge vya chuma, na ikaishia hapo. Mwanamke wa miaka 58 kwa kawaida ameshakoma hedhi. Akiishiwa damu, swali la kwanza ni inakwendea wapi, na kwa mtu anayemeza diklofenaki kila siku, tumbo ndilo la kwanza kushukiwa. Inawezekana sana kwamba kidonda kilikuwa kinadondosha matone tangu wakati ule, kwa kiasi kisichobadilisha rangi ya choo. Vidonge vilijaza pipa ambalo tundu lake halijazibwa, kisha vikawapa kisingizio cha weusi. Silaumu mtu, lakini mwambieni daktari wa leo tarehe na namba ya kipimo kile. Pia mwelezeni kama amepungua uzito bila kukusudia, anashiba haraka kuliko zamani, au chakula kinamkwama akimeza. Hayo hutufanya tufikirie saratani ya tumbo. Kidonda kikiwa ndani ya tumbo lenyewe badala ya duodeni, kwa kawaida tunachukua vinyama na kurudia kamera baada ya wiki nane hivi kuona kimefunga kabisa.

Sijamwona mama, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni kidonda. Damu ya juu inaweza pia kutoka kwenye mishipa iliyovimba kwenye umio kwa wenye ugonjwa wa ini au kichocho cha muda mrefu, na matibabu yake ni tofauti. Kama amewahi kuambiwa ini au bandama imekua, au aliwahi kupata manjano, lisemeni mlangoni. Na kama njiani maumivu yatarudi ghafla, makali kama amechomwa kisu, yakasambaa tumbo zima likawa gumu kama ubao na asitake kuguswa, kidonda kinaweza kuwa kimetoboka. Hapo anahitaji daktari wa upasuaji.

Magoti yatabaki na shida yake, na usipompangia mapema atarudia diklofenaki kimya kimya, maana maumivu ya goti ni ya kweli. Parasetamoli haichimbi kidonda. Kwa mtu mzima ni gramu moja kwa wakati, isizidi gramu 4 kwa siku, na kama ana mwili mdogo au ini lina shida, dozi iwe ndogo zaidi kwa maelekezo ya daktari. Dawa ya kupaka kwenye goti huingia mwilini kidogo sana kuliko kidonge, ila asianze mpaka kidonda kipone na daktari aridhie. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja husaidia goti kuliko watu wanavyodhani. Kama kuna ambaye anatumia aspirini ya moyo, kama yule mgonjwa wangu, asiisimamishe moja kwa moja kwa uamuzi wake. Yeye tuliirudisha ndani ya siku chache, pamoja na dawa ya kulinda tumbo, kwa sababu moyo nao ungeweza kumuua. Ibuprofeni hakuirudia tena.

Akiruhusiwa kutoka, choo kinaweza kubaki cheusi siku mbili tatu, hata tano, kwa sababu ya damu ya zamani inayomalizika kutoka. Kinatakiwa kipungue siku hadi siku na kurudi rangi yake. Baada ya hapo huenda akarudishiwa vidonge vya chuma kwa miezi kadhaa ili kurudisha akiba, na weusi utarudi, safari hii ule wa kijani, mkavu, usio na harufu ngeni. Mwambie mama aangalie kabla ya kumwaga maji, kila siku, na akuambie bila haya. Kikianza tena kunata na kunuka, au mapigo yakapita 100 akiwa amelala, mrudishe usiku huo huo.